Kaunta inaruka namba kila ikifika 256, ila 128 inapita salama. Wadau nimekwama

FundiNgamiani

Wadau salaam. Mie niko Tanga, kibanda changu kipo Ngamiani, nishughulikiavyo zaidi ni inveta na vibao vya matangazo vya taa za ledi. Kuna mteja ana duka la vifaa vya ujenzi amenipa ubao wake wa zamani niufufue, ledi 64 kwa 32. Kadi ya ndani ilikuwa imeliwa na chumvi ya bahari hadi njia za shaba zimegeuka kijani, nikaona nitengeneze yangu tu kwenye veroboad.

Ninavyoifanya: ESP32 inatoa kloki, kloki inakwenda kwenye chipu ATF1504AS, ndani yake nimeandika kaunta ya biti 11, na kaunta ndiyo inayotoa adresi za kusoma memori yenye picha. Kloki 2048 zikiisha ESP32 inarisseti kaunta, inaanza upya. Kitu chepesi kabisa.

Sasa picha ikitokea, mistari minne ya juu imenyooka safi. Minne inayofuata imesogea kushoto ledi moja. Minne mingine ledi mbili, mpaka ukifika chini picha imesogea ledi saba. Yaani nimeandika "SARUJI IPO" ikatoka kama ngazi. Mteja kaja jana akainamisha kichwa ubavu akasoma, akacheka, akaondoka. Aibu.

Nimeweka lojiki analaiza ya bei poa kwenye biti nane za chini, nikashusha kloki hadi 1 MHz ili nione vizuri, hiki ndicho ninachopata:

```
7D 7E 7F 80 81 82
FD FE FF 01 02 03
```

Ile 00 haipo! Na ni kila baada ya 256, haikosi hata mara moja. Kodi nimeikagua mpaka macho yamevimba, kwenye simuleta inahesabu vizuri. Chipu nimebadilisha, nilikuwa nazo mbili, ya pili nayo ni hivyo hivyo. Nianzie wapi?

Mkuu_wa_Kapasita

Hiyo ni kloki chafu mkuu. Waya wako kutoka ESP32 una urefu gani? Weka rezista na kapasita pale kwenye pini ya kloki uichuje, na kila chipu uipe kapasita ya nanofaradi 100 karibu na pini ya umeme. Mie nikifanya hivyo matatizo tisa kati ya kumi yanaisha. Halafu shusha kasi ya kloki.

FundiNgamiani

Waya bapa, kama sentimita 30. Kuchuja nishafanya kaka, kuna rezista ya omu 330 kwenye kloki, niliona mawimbi yanarukaruka kwenye skopu nikaiweka na yakatulia. Kapasita za nanofaradi 100 zipo mbili. Na kasi nimesema nimeshusha, kutoka 8 MHz hadi 1 MHz, kosa halikubadilika hata kidogo. Ndiyo maana nimechanganyikiwa, maana kosa la kasi ukipunguza mwendo linapungua.

Mzee wa Chumbageni

Kijana graundi ndiyo mchawi. Mimi nilikuwa na amplifaya inavuma mwaka mzima, nikapigilia fimbo ya shaba futi sita nje ya nyumba, nikamwagia maji ya chumvi, kukatulia kimya. Hapo Ngamiani udongo wenu wa mchanga, ardhi haishiki. Chimba vizuri.

FundiNgamiani

Mzee shikamoo. Ubao unatumia adapta ya 5 V, hauna hata waya wa ardhi.

Mzee wa Chumbageni

Marahaba. Basi ndiyo tatizo lenyewe hilo, hauna waya wa ardhi.

DadaSkopu

Mzee kataja graundi, na jina kalipatia, ila siyo graundi ya nje ya nyumba. Ni graundi iliyo ndani ya chipu yenyewe. Mie nipo Bagamoyo, kazi hii nimeifanya miaka, na dalili uliyoandika inajieleza mno. Kabla sijasema kitu naomba unijibu mawili: hiyo ATF1504AS ni ile ya pini 44 ya mraba kwenye soketi? Na pini zake za GND umeunga ngapi?

FundiNgamiani

Ndiyo dada, pini 44, kwenye soketi. GND ziko nne, 10, 22, 30 na 42. Nimeunga mbili tu, 10 na 30. Nilipima kwa mita zote nne zinalia pamoja, kwa hiyo zimeungana ndani, nikaona hizo nyingine za nini nijichoshe na waya. Hizo mbili nimezipeleka kwa waya mwembamba kama sentimita mbili hivi hadi kwenye njia kuu ya graundi.

DadaSkopu

Haya, nilitegemea jibu hilo. Ngoja niandike kwa kirefu maana hili jambo watu wengi linawapita.

Tazama kinachotokea kaunta ikitoka 255 kwenda 256. Kwa binari ni 00011111111 kwenda 00100000000. Biti nane zinaanguka kutoka moja kwenda sifuri kwa pamoja, wakati mmoja. Kutoka 127 kwenda 128 zinaanguka saba. Kutoka 383 kwenda 384 saba pia, na hapo nina hakika hairuki. Kutoka 511 kwenda 512 tisa. Kwa hiyo chipu yako haina ugomvi na namba 256 wala na kodi yako. Ina ugomvi na autiputi nane kuanguka kwa mpigo.

Kila laini ya adresi ina uwezo wa kuhifadhi chaji, waya pamoja na inputi ya memori, tuseme pikofaradi 50. Laini ikiwa juu imejaa chaji. Ikiambiwa shuka, chaji yote hiyo inamwagika kupitia transista ya chini ndani ya chipu, inatokea kwenye pini ya GND, inarudi kwenye graundi ya kadi. Laini moja inaweza kufika miliampea 60 ndani ya nanosekunde 2 hivi. Nane zikimwagika pamoja ni karibu nusu ampea, na zote zinagombea mlango ule ule mmoja wa graundi.

Na mlango wako ni mwembamba. Sizungumzii omu, maana mita ilikupigia kelele ukaamini ni shoti. Kwa mkondo unaobadilika haraka hivyo, waya si shoti, ni koili. Kila milimita ya waya hesabu kama nanohenri 1. Wewe una waya wa milimita 20, jumlisha mguu wa soketi na mguu wa chipu, ni kama nanohenri 28 kwa kila pini, na ziko mbili sambamba basi 14. Sasa:

```
V = L × di/dt
V = 14 nH × 0.25 A/ns = 3.5 V
```

Msishtuke, hiyo 3.5 haifiki kweli. Graundi ya ndani ikianza kupanda, transista zenyewe zinapungua nguvu na mkondo unajizuia. Ila hata ukipata robo yake tu, graundi ya ndani ya chipu yako imeruka karibu volti nzima juu ya graundi ya kadi kwa nanosekunde chache.

Dogo_Pangani

Sawa dada graundi imeruka, ila mbona kaunta ndiyo ikosee? Autiputi ndizo zenye vurugu, kloki ni inputi iko upande wake.

DadaSkopu

Hilo ndilo swali lenyewe mdogo wangu.

Chipu haijui graundi ya kadi yako. Inajua yake tu. Inputi ya ATF1504AS inaamua moja au sifuri pale kwenye 1.5 V hivi, na hiyo 1.5 inapimwa kutoka graundi ya ndani. Graundi ya ndani ikipanda 0.7 V, kizingiti nacho kimepanda pamoja nayo, ukitazama kutoka nje kimekuwa 2.2 V. Ni kama umesimama kwenye mtumbwi unapima kimo cha ukuta wa bandari. Wimbi likiunyanyua mtumbwi, ukuta unauona mfupi, na ukuta haujasogea.

Sasa rudi kwenye kloki ya FundiNgamiani. Kloki inatoka ESP32 kwa 3.3 V, inapita omu 330, inajaza waya bapa na inputi, tuseme jumla pikofaradi 50. Hapo inapanda taratibu, konstanti yake ya muda ni nanosekunde 16 na nusu. Inavuka 1.5 V kwenye nanosekunde ya 10. Chipu inasema haya, kloki imekuja, naongeza moja. Nanosekunde kama 8 baadaye autiputi zinaanza kuanguka. Je, wakati huo kloki imefika wapi? Piga hesabu, nanosekunde ya 18, iko 2.2 V tu. Bado iko njiani inapanda.

Na ndiyo sekunde hiyo hiyo graundi inaruka 0.7. Chipu inaangalia kloki inaona 1.5, ikizidi kidogo tu inasema aa, kloki imeshuka. Nanosekunde mbili tatu mbele graundi inatulia, kloki inaonekana iko juu tena, chipu inasema haya kloki nyingine hiyo, inaongeza moja tena. Ndiyo maana baada ya FF unapata 01. Ile 00 ilikuwepo, ila ilikaa nanosekunde chache na analaiza yako haikuwahi.

Kwa hiyo imejipigia kloki mara mbili yenyewe.

FundiNgamiani

Subhanallah. Kwa hiyo ile rezista niliyoweka ili kutuliza ndiyo imenimaliza?

DadaSkopu

Imechangia nusu ya kosa. Nusu nyingine ni zile GND mbili ulizozihurumia waya.

Na ndiyo maana kushusha kloki hadi 1 MHz hakukusaidia. Umepunguza mara ngapi tukio linatokea kwa sekunde, tukio lenyewe hujaligusa. Kingo za mawimbi zina kasi ile ile hata ukipiga kloki moja kwa siku kwa kubonyeza kidole.

Mkuu_wa_Kapasita

Dada heshima yako, ila mie bado naamini kapasita. Nanofaradi 100 ikiwa karibu na chipu mkondo wa ghafla unatoka kwenye kapasita, graundi hairuki. Hiyo kila mtu anajua.

DadaSkopu

Kapasita ya umeme ni lazima iwepo, kaka, wala sikatai, na mbili kwa VCC nne ni chache. Lakini fuata njia ya mkondo kwa kidole. Laini ikiwa inapanda, ndiyo, chaji inatoka VCC na kapasita yako inasaidia. Laini ikiwa inashuka, chaji imo tayari kwenye waya na inputi ya memori. Inatoka hapo, inapita transista ya chini, inatoka pini ya GND, inarudi memori kwa njia ya graundi. Kapasita yako ya nanofaradi 100 haipo kwenye mzunguko huo kabisa. Unaweza ukaweka kumi, mguu wa GND bado ni ule ule.

Na kuweka kapasita kwenye kloki ndiyo sumu zaidi. Unaifanya ipande polepole, inakaa muda mrefu jirani na kizingiti, na kizingiti chenyewe kinacheza. Hapo pale 1.5 V kloki yake inapanda kama 0.1 V kwa nanosekunde. Kizingiti kikisogea 0.2 V tu, wakati wa kloki kutambulika umesogea nanosekunde 2. Kama kloki ingepanda 1 V kwa nanosekunde, kusogea kule kule kungekuwa 0.2 ya nanosekunde, usingeiona. Kwa hiyo hata pale ambapo haijirudii mara mbili, muda unayumba, leo mapema kesho kuchelewa, kutegemea namba gani inapita.

Mkuu_wa_Kapasita

Hapo kwenye mzunguko wa kushuka umenishika. Ila mie kwenye saketi za relei kuchuja kumenisaidia siku zote.

DadaSkopu

Kwa kitufe na relei sawa kabisa. Kwa pini ya kloki hapana.

FundiNgamiani

Kabla sijachomoa kitu, nahitaji kuona kwa macho yangu. Skopu ninayo, 100 MHz. Nashika wapi? Nikigusa pini ya GND naona vurugu tupu, hata nikigusa waya wa adapta naona vurugu.

DadaSkopu

Unaona kelele za waya wa proubu yako mwenyewe. Ule waya mweusi wenye kibano una sentimita 15, ni kama nanohenri 150, ukikutana na pikofaradi 10 za proubu unapiga kengele yake karibu na 130 MHz. Uutoe kabisa. Zungushia kipande cha waya mgumu kwenye pete ya ncha ya proubu, kiwe na urefu wa sentimita moja, kiguse graundi ya kadi pale pale jirani.

Halafu tafuta autiputi moja ya chipu usiyoitumia, kwenye kodi uiambie iwe sifuri daima. Hiyo ndiyo dirisha lako. Imeungwa na graundi ya ndani kupitia transista yake, haina kazi nyingine, kwa hiyo ikiruka ujue graundi ya ndani ndiyo imeruka. Hata watengeneza chipu wanapima hivyo, moja inatulizwa nyingine zote zinaanguka, na kwenye karatasi zao wanaandika VOLP. Triga skopu kwa A8 ikipanda. Kuna mipando mingine, 255 kwenda 256 ndiyo ya kwanza baada ya risseti.

FundiNgamiani

*(siku ya pili)*

Wadau nimeona. Autiputi niliyoiambia ikae sifuri inapiga nundu kama 0.6 V pale 256, nyembamba kama mwiba, halafu inazama chini ya sifuri kidogo kisha inatulia. Nikatriga pale 128 nikapata kama 0.5. Pale 2 ambapo inaanguka moja tu hata huioni.

Ila dada ulisema 0.7 ndiyo kikomo, yangu 0.6 na bado inakosea.

DadaSkopu

Skopu ya 100 MHz nundu ya nanosekunde 2 au 3 inaikata kichwa, yenyewe inahitaji nanosekunde 3 na nusu kupanda. Halisi ni kubwa kuliko unayoiona. Na zile pikofaradi 50 nilizibuni mimi, hujanipimia. La maana ni kwamba saba inapita na nane haipiti, uko ukingoni kabisa mwa shimo.

Sasa rekebisha moja moja, usifanye yote kwa mpigo, ili ujue kipi kimeponya.

FundiNgamiani

Nimeanza na graundi. Nimekata kipande cha bati la shaba nikakilaza chini ya soketi, GND zote nne nimezilehemu hapo, urefu wa kila mguu hauzidi milimita 3. Nundu imeshuka kutoka 0.6 hadi kama 0.25. Picha imenyooka!! Sikuamini. Nimeigusa kloki? Sijaigusa, 330 bado ipo.

Baadaye nikarudisha ule uungaji wa zamani wa waya mbili, nikabadilisha 330 nikaweka 33. Nayo ikanyooka, japo nundu imebaki 0.6 vile vile. Kwa hiyo kila moja peke yake inaponya.

Dogo_Pangani

Hii ya pili ndiyo imenipendeza, nundu ipo lakini haidhuru kwa sababu kloki ishafika 3.3 kabla haijatokea.

DadaSkopu

Umenyaka. Ila FundiNgamiani usiishie na moja, fanya zote mbili. Na ningekuwa mimi ningeweka chipu ndogo ya 74AHCT1G125 sentimita moja kutoka pini ya kloki. Inapokea 3.3 inatoa 5 V yenye kingo kali, na ina graundi yake isiyo na fujo. Hapo kutoka 5 hadi 1.5 una nafasi ya 3.5 V badala ya 1.8. Halafu ATF1504AS ina chaguo la kupunguza kasi ya kingo za autiputi, liwashe kwa laini za adresi, memori yako haina haraka hiyo. Utapoteza nanosekunde chache za kuchelewa.

Kuchelewa kwenyewe hebu pima siku ukipata nafasi. Tazama A0 ikianguka peke yake, kisha A0 ikianguka na wenzake saba. Utakuta ya pili inachelewa, maana graundi iliyopanda inamnyima transista nguvu. Wanaoendesha memori kwenye ukingo wa muda wake hapo ndipo wanapoumia, na hakuna nundu wala namba iliyoruka ya kukuonyesha.

Mzee wa Chumbageni

Kwa hiyo ilikuwa graundi.

DadaSkopu

Ilikuwa graundi mzee wangu, tumekubali 😄

lojiki_ya_mkonge

Nimechelewa kwenye uzi. Mbona msitumie kaunta ya Grei? Kila hatua biti moja tu inabadilika, nane haziwezi kuanguka pamoja milele. Memori haijali adresi zimepangwaje, ili mradi aliyeandika na anayesoma wanafuata mpangilio mmoja.

FundiNgamiani

Kaka wazo zuri ila anayeandika ni ESP32 moja kwa moja kwa binari, nitabidi nigeuze kodi ya kule pia. Na risseti je? Ikiwa namba ya mwisho ina biti nyingi za moja si zitaanguka pamoja vile vile?

lojiki_ya_mkonge

Ukimaliza zote 2048 Grei ya mwisho ina moja moja tu, ile ya juu kabisa, kwa hiyo risseti inaangusha biti moja. Ukikatisha katikati hapo ndiyo sina jibu.

DadaSkopu

Nimeipenda hii kuliko za kwangu. Inaondoa chanzo chenyewe kwa upande wa adresi. Ila laini za data za memori zenyewe nazo zinaanguka nane kwa pamoja picha ikitoka ledi zote kuwaka kwenda zote kuzima, na hizo zina graundi ya chipu ya memori, hukuziponya.

FundiNgamiani

Ripoti ya wiki. Nimeweka shaba, 33, na kingo za polepole. Ile AHCT haipatikani hapa mjini, nimeagiza Dar. Ubao uko dukani unawaka tangu Jumatatu na mteja kalipa iliyobaki.

Kuna kitu kimoja bado. Nilipokuwa bado na uungaji wa zamani niliona asubuhi mapema kosa lilikuwa linatokea hadi 128, mchana linabaki 256 peke yake. Nikadhani nimeota, nikaangalia siku mbili, kweli.

DadaSkopu

Chipu za simosi zikiwa za baridi zinakuwa na kasi na nguvu zaidi, kingo kali, nundu kubwa. Inaingia akilini. Ila Tanga asubuhi na mchana tofauti ni nyuzi chache, sidhani zinatosha zenyewe. Umeme wa adapta uliupima asubuhi? Ikitoa 5.2 badala ya 4.9 nundu inapanda pia.

FundiNgamiani

Sikuupima, na sasa nimeshabomoa waya za zamani. Nina chipu ile ya pili, nikipata soketi nitairudishia uchafu wake nipime saa kumi na mbili alfajiri kabla watu wa mtaani hawajaanza kutumia umeme.